Jua Haki Zako: Deni Chafu Ndani ya Mkopo Safi

Tuchukue hesabu ya mtumishi wa mshahara anayeishi Nshambya, hapa Manispaa ya Bukoba, mwenye madeni matatu. Mkopeshaji wa mtaani anamdai shilingi 600,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kampuni ndogo ya mikopo inamdai 1,000,000 kwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mkopo wa simu wa 200,000 unamla asilimia 10 kwa mwezi. Riba peke yake ni 120,000, 35,000 na 20,000, yaani 175,000 kila mwezi, na hapo deni lenyewe halijaguswa hata kidogo. Akiendelea hivyo mwaka mzima atakuwa ametoa 2,100,000, na bado anadaiwa 1,800,000 zilezile. Sasa benki inamwambia itamnunua: italipa madeni yote matatu, naye abaki na mkopo mmoja wa 1,800,000 kwa asilimia 16 kwa mwaka, riba ikipigwa kwenye salio linalopungua. Akilipa kwa miaka miwili, rejesho ni kama 88,000 kwa mwezi, na riba yote hadi mwisho ni kama 315,000. Hata ukiongeza ada ya mkopo na bima, ameokoa fedha nyingi, na anayemshauri akatae anamkosea.

Lakini mkopo huohuo ukisogezwa hadi miaka minane, rejesho linashuka hadi kama 33,000 na riba inapanda hadi kama 1,400,000. Na mara nyingi ofa yenyewe haiji hivyo. Afisa mikopo hutazama mshahara, si madeni, kisha humwambia mteja kwamba anastahili 5,000,000. Madeni yanalipwa, 3,200,000 zinabaki mkononi, na makato ni kama 92,600 kwa mwezi. Mteja anaona ni karibu sawa na zile 88,000, tena na fedha ya kumalizia nyumba juu yake. Tofauti imejificha kwenye muda: zile 88,000 zinakoma baada ya miaka miwili, hizi 92,600 zinadumu minane, na jumla atakayorejesha inakaribia 8,900,000. Kwa hiyo swali la kumuuliza afisa si "nitakatwa kiasi gani kwa mwezi?" bali "hadi siku ya mwisho nitakuwa nimelipa jumla ya shilingi ngapi, ada na bima zikiwamo?" Ni haki yako kupewa jibu hilo kwa maandishi kabla ya kusaini, na Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinamtaka mkopeshaji akueleze gharama zake waziwazi.

Kuna jambo jingine, na kwangu ndilo zito kuliko hesabu. Benki inaponunua madeni haiulizi kila deni lilizaliwaje. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mkopeshaji wetu wa asilimia 20 amevuka ukomo huo karibu mara sita, na huenda hata leseni hana. Maadamu deni lake liko mikononi mwake, una la kubishania: riba aliyotoza, malipo ambayo hakuyaandika, faini alizojipangia mwenyewe. Siku benki itakapomlipa kiasi chote anachodai, ubishi huo unakufa. Lile deni chafu sasa limo ndani ya mkopo halali, wenye mkataba halali na makato yanayotoka kwenye mshahara kabla hujauona. Ndiyo maana mapatano na mkopeshaji hutangulia mkopo mpya. Mtake aandike ulichokopa, ulicholipa na tarehe zake, kisha mpatane juu ya kilichobaki mbele ya mtu anayejua sheria. Akikataa kuandika, hapo umeshajua unashughulika na nani. Mkopo wa simu nao ukague hivyohivyo, kwa kuwa mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza makumi ya programu za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Atakuwepo wa kusema kwamba hizi ni hesabu za mwenye nafasi, na kwamba mwenye watoto wanaorudishwa nyumbani kwa michango hawezi kuchagua 88,000 akiwekewa 33,000 mezani. Hoja hiyo ina uzito, na utaratibu wenyewe unaitambua: makato ya mtumishi hayatakiwi kula zaidi ya theluthi mbili ya mshahara wake. Muda mrefu si kosa ikiwa mfupi haubebeki. Ila achukue 1,800,000 tu, asichukue 5,000,000, na aulize kabla ya kusaini kama anaweza kulipa mapema bila adhabu, na kama akilipa mapema riba ya miezi iliyobaki inafutwa. Swali hilohilo aliulize kwenye deni la zamani. Kama ile kampuni ndogo ilipiga riba yote kwenye mkopo wa mwanzo na yamebaki marejesho mawili matatu, huenda ikadai riba yote hata ukimaliza leo. Deni la namna hiyo liache lijiishie lenyewe. Na la kikoba usilipeleke benki bila sababu kubwa, kwani sehemu ya riba yake hukurudia kwenye gawio.

Kwa mkulima wa Muleba mambo ni tofauti kidogo. Aliyeuza kahawa yake kwa butura, ikiwa bado maua mtini, ana deni hata kama hakuna aliyetamka neno riba: riba ni tofauti kati ya alichopewa na bei ya msimu. Kuliunganisha deni hilo kwenye mkopo wa marejesho ya kila mwezi ni kumtafutia deni jingine, maana fedha yake haiji kila mwezi. Aombe marejesho yanayofuata msimu, au aache.

Hatari yake kubwa zaidi ni kibanja. Deni la mtaani lisilo na dhamana likihamia kwenye mkopo wenye rehani, kinachosimama mbele ya mnada ni nyumba na migomba. Sheria ya Ardhi inataka mwenzi wa ndoa aridhie rehani ya nyumba ya familia, na mkopaji akishindwa kulipa lazima apewe notisi ya siku 60 kabla mkopeshaji hajauza. Kinga hizi ni za kweli, lakini hazilifuti deni.

Ukiamua kuunganisha, omba benki iwalipe wadai moja kwa moja, fedha isipitie mkononi mwako. Chukua kwa kila mdai barua ya kumaliza deni, na urudishiwe ulichoweka: kadi ya benki, hati, na hasa karatasi ya "mauziano" ya kibanja ambayo wakopeshaji wa mtaani huwasainisha watu badala ya mkataba wa mkopo. Karatasi hiyo ikibaki kwao, deni limelipwa lakini kibanja bado kinaonekana kimeuzwa. Kama kadi ilikaa kwao, badilisha namba ya siri siku hiyohiyo. Mwenye leseni akikataa kutoa barua, peleka malalamiko kwake kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asipojibu au usiporidhika, nakala hiyo ndiyo utakayoanza nayo kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu.