Jina Moja Kwenye Karatasi Zote: Jinsi ya Kumkagua Mtoa Huduma wa Harusi Kabla ya Kulipa Arbuni

Msimu wa harusi unapokaribia, kamati nyingi hujikuta zikituma pesa kwa watu ambao hazijawahi kuwaona. Mpishi anataka nusu ya malipo, mwenye hema anataka nusu, na mpambaji naye pia. Wengi wao ni watu waaminifu wanaoishi kwa kazi hiyo. Lakini kila msimu wapo wanaopokea arbuni, au dipoziti kama wengi wanavyoiita, kisha simu ikazimwa siku chache kabla ya sherehe.

Somo hili linaeleza namna ya kumkagua mtoa huduma kabla shilingi ya kwanza haijatoka. Ukaguzi wote unasimama juu ya swali moja: je, jina la anayepokea pesa ndilo jina la anayemiliki biashara, na ndilo jina la mwenye vifaa?

Aina mbili za wanaotoweka

Aina ya kwanza ni tapeli tangu mwanzo. Hana hema wala sufuria. Ana picha alizochukua kwenye kurasa za wapambaji wengine, bei iliyo chini ya soko, na haraka nyingi. Humwambia mteja kwamba tarehe hiyo inagombaniwa na watu watatu na atakayelipa leo ndiye atakayeipata.

Aina ya pili ni ngumu zaidi kuitambua. Huyu anafanya kazi kweli, na pengine amewahi kuhudumia harusi ya jirani yako vizuri. Tatizo lake ni kwamba arbuni ya harusi ya mwezi ujao ameitumia kununulia nyama ya harusi ya wiki hii. Mambo huenda hivyo hadi siku wateja wapya wanapopungua, na yule wa mwisho kulipa hubaki bila chakula na bila pesa. Kwa mtu wa aina hii, sifa nzuri peke yake haitoshi. Kinachosaidia ni namna ya kulipa, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Kulinganisha majina

Karatasi ya kwanza ya kuomba ni leseni ya biashara inayotolewa na kaunti. Leseni hii hutolewa kwa muda maalumu na huonyesha jina la biashara, aina ya kazi, mahali inapofanyikia na muda wake wa kutumika. Usitosheke na picha iliyotumwa kwa simu, kwa sababu picha huweza kuchezewa. Chukua nambari ya leseni, uende kwenye ofisi ya leseni za biashara ya kaunti iliyoitoa, uulize kama ni halali na ni ya nani.

Karatasi ya pili ni cheti cha usajili. Jina la biashara na kampuni husajiliwa na Huduma ya Usajili wa Biashara, na mwananchi anaweza kuomba utafutaji rasmi kupitia eCitizen. Kwa kampuni, hati inayotolewa huitwa CR12, nayo hutaja wakurugenzi na wenye hisa. Hapo ndipo utajua kama mtu unayezungumza naye ana uhusiano wowote na jina analolitumia.

Kwa mpishi, kuna karatasi ya tatu: vyeti vya afya vya wahudumu wa chakula. Anayepika kwa biashara hutakiwa kupimwa yeye na wasaidizi wake, na maafisa wa afya ya umma wanavijua vyeti hivyo. Mpishi anayedai kuhudumia watu mia tatu kila Jumamosi lakini hawezi kuonyesha cheti hata kimoja anastahili kuulizwa maswali zaidi.

Mwisho, tazama jina linalojitokeza kwenye M-Pesa unapotaka kulipa. Nambari ya Lipa na M-Pesa huonyesha jina la biashara, na nambari ya simu huonyesha jina la mtu. Jina hilo likitofautiana na lile la kwenye leseni na mkataba, simama hapo. Maelezo kama "hiyo ni simu ya dada yangu" au "nambari yangu ina hitilafu leo" si sababu ya kuendelea. Kumbuka pia kwamba huduma ya kurudisha muamala kupitia 456 iliwekwa kwa ajili ya pesa zilizotumwa kimakosa. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu uliyemlipa kwa hiari kisha asifanye kazi.

Ipo mipaka ya ukaguzi huu. Leseni haithibitishi kwamba mtu ni mwaminifu. Inathibitisha kwamba anajulikana na ana mahali pa kupatikana. Upande wa pili, kijana anayeoka keki jikoni kwao huenda hana leseni na bado ni mkweli. Kwa mtu kama huyo, nenda nyumbani kwake, uone tanuri lake, na arbuni iwe ndogo.

Mfano wa kamati moja

Chukua mfano wa kamati inayoandaa harusi ya wageni 300. Imepata mtu mtandaoni anayeahidi chakula, hema, viti na mapambo kwa Sh180,000. Wengine wawili walioulizwa walitaja zaidi ya Sh200,000 kwa kazi hiyo hiyo. Mtu huyu anataka nusu, yaani Sh90,000, kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Kamati haikukataa wala haikulipa. Ilimwomba mambo mawili. La kwanza, itembelee ghala lake. La pili, ataje kumbi tatu alizofanyia kazi hivi karibuni. Mwanakamati alizipigia simu kumbi hizo na kuzungumza na wasimamizi. Hatua hii ni muhimu kwa sababu mteja wa zamani anaweza kuwa rafiki aliyepangwa, lakini msimamizi wa ukumbi huona kila gari linaloshusha hema na huwajua wapishi kwa sura. Wasimamizi wawili walimkumbuka, ila walisema alikuja na hema za mtu mwingine.

Ghalani jambo lilijulikana wazi. Hema zilikuwepo, viti vilikuwepo, lakini mlinzi alipoulizwa ni vya nani alitaja jina lingine. Mtu yule alikuwa dalali. Udalali si kosa, lakini unabadilisha hesabu: mteja anamlipa mtu ambaye hana kitu cha kukamatwa akishindwa kumlipa mwenye mali. Ndiyo maana bei yake ilikuwa chini. Alikuwa bado hajakubaliana na mwenye hema wala na mpishi yeyote.

Kamati ilienda moja kwa moja kwa mwenye hema na kwa mpishi. Gharama ilifika Sh210,000: chakula Sh150,000, na hema, viti na mapambo Sh60,000. Ilizidi kwa Sh30,000, lakini sasa kila jina kwenye mkataba lilikuwa la mtu mwenye vifaa.

Kulipa kwa hatua

Arbuni ina sababu yake. Mpishi anafunga tarehe na kukataa kazi nyingine, na hawezi kununua mchele na nyama kwa mkopo. Lakini mahitaji hayo mawili hayatokei siku moja, kwa hiyo hata malipo hayana haja ya kutolewa siku moja.

Kamati ile iligawa Sh150,000 za mpishi hivi. Sh15,000 zililipwa siku ya kutia sahihi, kwa ajili ya kufunga tarehe. Sh60,000 zililipwa siku tatu kabla ya harusi, na mwanakamati mmoja alifuatana na mpishi sokoni na buchani kuhakikisha pesa zimegeuka kuwa chakula. Sh60,000 nyingine zililipwa asubuhi ya harusi, moto ukiwa umeshawashwa na vyombo vimefika. Sh15,000 za mwisho zilitolewa baada ya wageni kula. Kwa mpango huu, yule mwenye kuziba pengo la jana kwa arbuni ya leo hapati kiasi kikubwa cha kuchezea, na dalili za matatizo huonekana siku tatu kabla, wakati bado kuna nafasi ya kutafuta mwingine.

Mtoa huduma anaweza kukataa mgao huo na kudai zaidi mwanzoni. Hilo linajadilika. Anayekataa mgao wowote, akataka zote au nusu bila kuonyesha ghala wala karatasi, amekwisha kujieleza.

Maneno ya kuandika kwenye mkataba

Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha, ukiwa na jina kamili, nambari ya kitambulisho, mahali pa biashara, tarehe, orodha ya vitu kwa idadi, na hatua za malipo. Lakini kuna sentensi moja ambayo wengi huisahau, nayo ina uzito mkubwa polisi na mahakamani.

Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu anayepata mali kwa ulaghai, kwa kifungo kinachoweza kufika miaka mitatu. Kifungu cha 312 kinaeleza kwamba ulaghai huo ni uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo. Ahadi ya jambo lijalo, hata ikivunjwa, peke yake haitoshi. Ndiyo sababu mlalamishi wakati mwingine huambiwa kituoni kwamba kesi yake ni ya madai. Mtu akiandika "nitaleta hema tatu Jumamosi", hiyo ni ahadi. Akiandika "hema hizi tatu ni zangu na ziko katika ghala langu" na ikawa si kweli, huo ni uongo kuhusu jambo lililopo. Kwa hiyo mwombe aandike anachomiliki leo, pamoja na atakachofanya kesho.

Pesa zikishapotea

Hifadhi ujumbe wote wa M-Pesa na mazungumzo, wala usiyafute kwa hasira. Piga ripoti polisi na uchukue nambari ya OB. Kisha fikiria Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa, na mlalamishi anaweza kujisimamia bila wakili.

Lakini mahakama hiyo inahitaji mtu wa kuitwa. Haiwezi kupeleka hati kwa jina la mtandaoni na nambari iliyozimwa. Nakala ya kitambulisho, nambari ya leseni na mahali lilipo ghala, yaani vile vile vilivyokaguliwa kabla ya kulipa, ndivyo vitakavyomwezesha karani kumfikishia mshtakiwa hati ya kuitwa.