Bonasi ya Oktoba: Tarehe Kwanza, Riba Baadaye

Wadogo zangu wa Kericho na Bomet, kila bonasi ya majani chai ikiingia Oktoba mnaniuliza: dada, pesa nitakazozihitaji kabla ya bonasi nyingine niziweke MMF, au nizifungie benki kwa muda maalumu? Wengi mnaangalia riba kwanza. Mimi nawaomba muanze na tarehe ya kuzitumia.

Tuseme umetenga shilingi 100,000, na benki inakupa asilimia 9 kwa mwaka. Riba ni 9,000. Kodi ya asilimia 15 ikikatwa, unabaki na 7,650, na hazipungui hata riba zikishuka nchini. MMF nayo ikionyesha asilimia 9, hiyo ni ya leo tu, kwa kuwa pesa zako huwekwa kwenye hati fupi za serikali na amana za benki, ambazo riba zake hubadilika. Ikishuka hadi 8 baada ya miezi sita, utapata takriban 7,225 baada ya kodi hiyo hiyo. Tofauti ni shilingi 425.

Sasa tuseme baada ya miezi mitano mama amelazwa na pesa zinatakiwa zote. MMF itakuwa imekupa kama 3,190 baada ya kodi, na kwa kawaida utalipwa ndani ya siku chache za kazi. Ukivunja amana ya benki, mara nyingi unapoteza sehemu kubwa ya riba, pengine yote. Hapo ndipo hasara ilipo, wala si kwenye zile 425.

Kwa hiyo zigawe. Pesa za dharura na karo ya Januari ziweke MMF. Karo ya muhula wa tatu ina tarehe inayojulikana, basi ifungie miezi tisa, ikomae mwisho wa Julai, kabla shule hazijafunguliwa. Andika kwenye fomu kwamba ikikomaa pesa zirudi kwenye akaunti yako. Usipoandika, benki inaweza kuzifungia tena na mtoto akakaa nyumbani.

Kufungia kuna faida yake riba zinaposhuka. Benki Kuu ilipunguza riba yake kutoka asilimia 13 katikati ya 2024 hadi 9.25 Oktoba 2025. Aliyezifungia pesa mapema alibaki na kiwango chake hadi siku ya kukomaa, huku wa MMF wakiona faida ikipungua.

Kuhusu usalama, benki ikianguka, bima ya KDIC humlipa mwenye amana hadi shilingi 500,000. MMF haina bima hiyo. Kabla ya kutuma hata shilingi moja MMF, hakikisha meneja wa mfuko yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Muulize pia kama riba anayoitangaza imeshaondolewa ada yake. Akikuahidi faida isiyoshuka kamwe, mwache, maana hakuna MMF ya kweli inayoweza kuahidi hivyo.