Chumba cha Kumi na Nne

Nenda soko la Darajani, Unguja, saa nne asubuhi, uulize bei ya changu. Rudi saa kumi na mbili jioni uulize tena. Samaki ni yuleyule, lakini bei imeshuka, kwa sababu muuzaji anajua kesho atakuwa amechacha. Chumba cha hoteli nacho huchacha. Usiku wa Jumamosi ukipita bila mgeni, hakuna wa kuununua Jumapili. Kwa hiyo mtu angetarajia bei ya chumba ifuate bei ya samaki: anayewahi alipe zaidi, anayechelewa apunguziwe.

Hoteli nyingi hufanya kinyume. Kundi la watalii lililoweka nafasi miezi 6 kabla hulipa dola 60, na mfanyabiashara aliyepiga simu juzi kutoka Dar es Salaam hulipa 100 kwa chumba kilekile. Si uchoyo wa meneja. Sababu iko kwa wanunuzi. Anayekuja sokoni jioni ni mtu aliyeweza kusubiri, na alisubiri ili apate nafuu. Anayetafuta chumba siku 3 kabla ya safari mara nyingi ni mtu asiyeweza kusubiri: ana kikao, ana harusi ya ndugu, au ndege imembadilishia ratiba. Wakala wa watalii, kwa upande wake, ana muda wa kulinganisha hoteli 10 na kwenda kwenye iliyo rahisi. Mwenye muda ndiye mwenye nguvu ya kupatana bei.

Hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Mgeni wa bei ndogo hufika kwanza. Ukimpa vyumba vyote, mgeni wa dola 100 atakuta hoteli imejaa. Ukimkataa ukimsubiri huyo wa dola 100, huenda asitokee, na chumba kikachacha. Je, vyumba vingapi vitengwe?

Swali hili halikuanzia hotelini. Mwaka 1972 Kenneth Littlewood, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la ndege la BOAC la Uingereza, aliandika kanuni yake kwa viti vya ndege. American Airlines ilipoanza kuuza tiketi za bei ya chini sana mwaka 1977, swali la viti vingapi vya bei hiyo viuzwe likawa la kila siku, na katika miaka ya 1980 hoteli kubwa kama za Marriott zikaichukua hesabu hiyo. Kanuni yenyewe inaingia kwenye kipande cha karatasi, kwa hiyo tuifanye.

Tuchukue hoteli ya mfano yenye vyumba 40 Mji Mkongwe. Tunautazama usiku mmoja tu, Jumamosi ya kipupwe, kati ya Julai na mwanzo wa Septemba, wakati watalii ni wengi. Mawakala wako tayari kuchukua vyumba vyote 40 kwa dola 60. Katika siku 14 za mwisho bei inakuwa 100. Meneja anafungua daftari la miaka 2 iliyopita, anatoa Jumamosi 20 za msimu uleule, na kuhesabu ni wageni wangapi wa dakika za mwisho waliotaka chumba kila mara. Hawakupungua 8 hata siku moja. Mara moja tu walifika 20. Wastani ni karibu 15.

Wengi wangeishia hapo: wastani ni 15, basi tenga 15. Littlewood anatutaka tuulize swali dogo zaidi, chumba kimoja kimoja. Chumba cha kwanza kilichotengwa kitauzwa akija mgeni 1 au zaidi. Cha 10 kitauzwa endapo tu watakuja 10 au zaidi. Kila chumba unachoongeza kinahitaji umati mkubwa kuliko kilichotangulia, kwa hiyo bahati yake ya kuuzwa ni ndogo zaidi. Upande wa pili, kila chumba unachotenga kinakugharimu kitu kilekile: dola 60 za uhakika ambazo wakala alikuwa tayari kutoa leo.

Sasa tupande ngazi. Chumba cha 8: katika Jumamosi 20, zote 20 walifika wageni 8 au zaidi. Kukitenga ni sawa na kushika dola 100 mkononi. Cha 12: walifika 12 au zaidi mara 16 katika 20. Kwa wastani chumba hicho kinaleta 100 mara 16 gawanya kwa 20, yaani dola 80. Bado kinaizidi 60. Cha 13, mara 14 katika 20: dola 70. Cha 14, mara 13: dola 65. Cha 15, mara 11: dola 55. Hapa tumeshuka chini ya 60, na dola 60 za wakala ni bora kuliko 55 za matumaini. Tunatenga 14 na kuwapa mawakala 26.

Kanuni nzima ni hiyo: endelea kutenga mradi uwezekano wa chumba hicho kuuzwa haujashuka chini ya bei ndogo gawanya kwa bei kubwa. Kwetu ni 60 kwa 100, yaani 0.6.

Hebu tuone faida yake. Mawakala wakichukua vyumba vyote 40, mapato ni 2,400. Tukitenga 14, mawakala wanaleta 1,560, na vile 14 vinauzwa kwa wastani 12.85, yaani dola 1,285. Jumla 2,845. Je, tukiwa na tamaa tukatenga 20? Mawakala 1,200, wa mwisho 1,465, jumla 2,665. Tamaa imekula dola 180 kwa usiku mmoja. Angalia pia kwamba katika hesabu bora kabisa, Jumamosi 7 kati ya 20 chumba cha 14 kinalala kitupu. Mwenye hoteli akipita mapokezi asubuhi akauliza kwa hasira kwa nini kuna chumba hakikuuzwa, meneja ana jibu. Hoteli inayojaa kila usiku inauza kwa bei ndogo mno, au inawafungia mlango wageni wa bei kubwa.

Bei iliyobandikwa haitoshi. Mgeni anapolala, hoteli hugharamia shuka, sabuni, umeme na kifungua kinywa. Tuseme ni dola 15 kwa chumba, gharama ambayo chumba kitupu hakina. Kinachobaki ni 45 kwa wakala na 85 kwa wa mwisho, na 45 gawanya kwa 85 ni kama 0.53. Chumba cha 15, chenye uwezekano wa 0.55, sasa kinastahili kutengwa. Jibu limehama chumba kimoja kwa sababu ya sabuni na mayai. Kamisheni ya tovuti za kuweka nafasi nayo huondolewa namna hiyohiyo kabla ya kugawanya.

Msimu unaingia wapi? Wengine hudhani msimu ni orodha ya bei tu: masika rahisi, kipupwe ghali. Kwa hesabu hii msimu unabadilisha jambo la ndani zaidi, yaani kama swali lenyewe lipo. Aprili, mvua ya masika ikinyesha, mawakala wanataka vyumba 9 na wa mwisho watakuwa 5. Vyumba ni 40. Hakuna atakayemzuia mwenzake, kwa hiyo kutenga hakuna maana. Uza kwa yeyote anayelipa zaidi ya zile dola 15. Februari, wiki ya tamasha la Sauti za Busara, wa mwisho peke yao wanaweza kuijaza hoteli, na wakala wa dola 60 hana nafasi. Kazi ngumu iko katikati.

Ndiyo maana tarehe za kulinganisha zichaguliwe kwa uangalifu. Ramadhani na Idi husogea karibu siku 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida, na Pasaka nayo haitulii. Ukilinganisha tarehe 10 Aprili ya mwaka huu na ile ya mwaka jana, huenda moja ilikuwa katikati ya mfungo na nyingine sikukuu. Linganisha Idi na Idi, Jumamosi na Jumamosi. Kisha fuatilia mwendo: siku 21 kabla ya usiku wenyewe, Jumamosi kama hizi huwa zimeshapata nafasi ngapi? Kama kawaida ni 22 na leo una zaidi, mahitaji yamekuja mbele ya wakati. Funga bei ndogo mapema. Kama una 12, legeza.

Legeza, lakini usigeuke muuza samaki. Ukishusha bei saa 12 za mwisho kila chumba kinapobaki, wageni wa dola 100 watajifunza kusubiri, na ile tofauti kati ya wenye muda na wenye shida, ambayo hesabu yote imesimama juu yake, itayeyuka.

Kuna mtego ninaouogopa kuliko yote. Daftari la hoteli nyingi huandika waliolala, haliandiki waliotaka. Tuseme meneja wa zamani alikuwa mwoga, akatenga 10 tu. Hata siku walipopiga simu 17, daftari linaonyesha 10. Mwaka unaofuata mtu anapiga hesabu na kukuta chumba cha 11 hakijawahi kuuzwa, anatenga 10 tena, na kosa linajithibitisha lenyewe. Vibaya zaidi, pale bei ndogo inapoachwa wazi hadi mwisho, mgeni aliyekuwa tayari kulipa 100 anachukua ya 60 na kuandikwa upande wa bei ndogo. Daftari linasema wa bei kubwa wamepungua, meneja anatenga vichache zaidi, wengi zaidi wanaangukia bei ndogo. Mwaka hadi mwaka hoteli inashuka ngazi huku kila hesabu ikionekana sahihi. Dalili yake ni hii: namba za wa mwisho zinagota palepale, 10, 10, 10, usiku baada ya usiku. Watu halisi hawaji kwa mpangilio huo.

Kanuni ya Littlewood ina mpaka mwingine: inautazama usiku mmoja. Mgeni wa Jumamosi pekee kwa dola 100 anaweza kumzuia anayetaka kulala kuanzia usiku wa Ijumaa hadi usiku wa Jumatatu, usiku 4 kwa 60, jumla 240. Hoteli zenye kompyuta hupima mfululizo wote wa usiku. Isiyo nayo inaweza kukataa nafasi za usiku mmoja kwenye wikendi nzito hadi siku chache kabla.

Na Jumamosi 20 ni chache. Ikibadilika moja, jibu linaweza kuhama chumba kizima, kwa hiyo rudia hesabu kila msimu ukiisha. Kama una hoteli ndogo na unafikiria kununua mfumo ghali wa kupanga bei, kwanza weka daftari la pili pale mapokezi. Kila simu iliyojibiwa "tumejaa" iandikwe: tarehe ya simu, usiku uliotakiwa, vyumba vingapi, bei aliyotajiwa. Bila daftari hilo, mfumo ghali utarithi makosa yaleyale ya meneja mwoga.