Usimlishe Mtu Maneno

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Nairobi, unasema wewe ni karani kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, pesa zimepungua stoo, na bosi wa makao makuu kule Uingereza anataka maongezi ya WhatsApp ya madereva wawili yatafsiriwe kwa Kiingereza kinachoeleweka. Mzee wa uhasibu alijaribu kwanza, bosi hakuelewa kitu. Kazi ikarushwa mezani kwako kwa sababu wewe ni kijana na unajua Sheng. Umenitumia rasimu zote mbili, ya mzee na yako, unataka nikuambie kama yako iko sawa.

Haiko sawa, mpenzi. Na nitakushangaza: yako ina hatari kuliko ya mzee.

Haya ndiyo maongezi yenyewe, majina nimeyatoa ili wengine nao wafuate:

```
14:12  A: buda rada? mtu wa store anadai doh zake leo
14:13  B: noma. si unitumie thao tatu nimsort, ntakurudishia kesho saa mbili
14:15  A: nimesota buda. nko na soo tano tu
14:16  B: tuma hiyo. but usichome
14:40  A: nimetuma. ameishia?
14:41  B: ameishia kitambo 😂
```

Tuanze na mzee wetu. Yeye alisoma Sheng kama Kiswahili cha darasani. Alipoona "si unitumie" akaandika kwamba B anakataza kutumiwa pesa, kumbe kijana wa Nairobi akianza na "si" halafu akaweka kitenzi cha kuomba, anaomba kwa upole. Angetaka kukataza angeandika "usinitumie". "Ameishia" mzee akaisoma kama kuishia mahali, kumbe ni kuondoka tu. "Kitambo" kwake ni muda mfupi, kwa vijana wa Nairobi ni zamani, muda umeshapita. "Buda" akaiandika baba, na bosi akabaki anajiuliza baba mzazi wa dereva ameingiaje kwenye pesa za stoo. Makosa haya yanachekesha, lakini yana uzuri mmoja: yanaonekana. Msomaji anajua mara moja kwamba kuna kitu hakijakaa vizuri, anarudisha karatasi.

Yako inasomeka laini. Hapo ndipo ninapoogopa.

Angalia ulichokifanya na "usichome". Uliandika "don't expose us". Kuchoma kwa Sheng ni kweli kunaweza kuwa kutoa siri, kumtaja mtu kwa wakubwa. Lakini kunaweza pia kuwa kuharibu mambo au kumwaibisha mwenzako. Kijana anayekopa pesa za haraka akimwambia rafiki yake "usichome" huenda anasema tu, usiniangushe. Maana zote zinaingia pale, na ujumbe wenyewe hausemi ipi. Wewe ulichagua ile inayofanana na wizi, kwa sababu ulishaambiwa kwamba pesa zimeibwa. Tena ukaongeza "us", wakati B hakusema ni nani asichomwe. Mwenye kujua lugha ya mtaani hujaza mapengo bila kujisikia, maana kichwani mwake sentensi imeshakamilika. Huko ndiko kumlisha mtu maneno, na haya ni maneno ya kumfukuzisha mtu kazi.

Dawa ni kuliacha neno lenyewe ndani ya Kiingereza chako, ulipe namba, na chini uandike maana zake zinazowezekana bila kupendelea. Msiogope maelezo ya chini, wadogo zangu. Wengi mnadhani yanaonyesha kwamba mtafsiri hajui. Kwa anayekaa kwenye kikao cha nidhamu, yanamwonyesha mahali pa kumuuliza dereva swali.

La pili ni "nimsort". Uliona neno la Kiingereza ukalihamisha kama lilivyo, "sort him". Hapa wengi huteleza, maana Kiingereza kilichoingia ndani ya Sheng kimeshahama nyumba. Nairobi, kumsort mtu ni kumaliza shida yake, mara nyingi kwa kumpa pesa: inaweza kuwa deni, inaweza kuwa kitu kidogo cha kumlainisha. Kule Uingereza, "sort him out" ni msemo wa kawaida wa kumshughulikia mtu, hata kwa ngumi. Bosi wako angesoma pale kwamba madereva wanapanga kumpiga mtu wa stoo! Maneno ya Kiingereza yaliyomo kwenye ujumbe nayo yatafsiriwe kwenda Kiingereza. Mimi ningeandika "settle with", kwa sababu inabeba kulipa na kumalizana bila kusema ni deni au ni hongo.

Halafu huyo "him". Kiswahili na Sheng hazisemi kama mtu ni mwanamume au mwanamke, Kiingereza kinakulazimisha. Umenieleza mwenyewe kwamba stoo yenu ina zamu mbili na mmoja wa watunza stoo ni mama. Ukiandika "he", umeshamtoa yule mama kwenye habari na kumwingiza mwenzake, kabla hata kikao hakijakaa. Wengine watakwambia tumia "they". Kwa barua za kawaida sawa, lakini kwenye uchunguzi msomaji anaweza kudhani ni watu wawili. Rudia tu nomino, "the person from the store", kila inapokuja. Itachosha sikio kidogo, na iachwe ichoshe.

Namba hazina ugumu ukishajua za mtaa wako. Soo ni mia, thao ni elfu, kwa hiyo B aliomba 3,000 na A alikuwa na 500. Andika tarakimu na uandike ni shilingi za Kenya, hasa kwa kuwa umesema gari zenu zinavuka mpaka. Dereva wa Dar akiandika "buku tano" ana maana ya elfu tano za Tanzania, na "jero" yake ni mia tano ya huko. Ukiacha tarakimu peke yake, mtu wa Uingereza atazijumlisha zote pamoja kama sarafu moja.

Saa ndiyo inayodanganya zaidi. "Kesho saa mbili" kwa Kiswahili ni saa ambayo Mwingereza anaiandika 8, asubuhi au usiku. Ila vijana wetu wanaochanganya lugha wakati mwingine huandika "saa 2" wakiwa na maana ya ile 2 inayosomeka kwenye simu, mchana. Usikisie. Nenda kwenye muda ambao simu yenyewe imeuweka. Umeniambia kwamba kesho yake, 08:05, B aliandika "nko gate", na A akajibu "nakam". Hiyo inaunga mkono asubuhi, na ndivyo utakavyosema kwenye maelezo: nimeandika 8 asubuhi kwa sababu ya ujumbe wa 08:05. Bila ujumbe ule, ungeandika 8 tu na kueleza kwamba haijulikani ni asubuhi au usiku.

Ninavyofanya mimi, sivuki kutoka Sheng kwenda Kiingereza kwa mkupuo mmoja. Kila ujumbe nauandika kwanza kwa Kiswahili sanifu, kwa kalamu, kwenye karatasi ambayo sitampa mtu. "Hilo ni tatizo. Tafadhali nitumie shilingi elfu tatu nimalizane naye, nitakurudishia kesho saa mbili." Hapo katikati ndipo mapengo yanapojitokeza: kumalizana na nani, kwa nini, saa mbili ipi. Ukivuka moja kwa moja, Kiingereza kinayaziba kabla hujayaona.

Na usimpambe dereva. Umemfanya aongee kama wakili, "I would be most grateful". B hakusema hivyo. Wala usimgeuze kijana wa filamu za Marekani kwa kubadilisha msimu wa Kayole na msimu wa huko. Kiingereza cha kawaida, kifupi, kama ujumbe ulivyokuwa mfupi. Emoji iache ilivyo. Ile sura ya kucheka hadi machozi unaijua wewe, anaijua na bosi, na hakuna anayejua kama B alikuwa anacheka kwa kejeli au kwa aibu.

Nikifuata hayo, maongezi yanakuwa hivi:

```
14:12  A: What's going on? The person from the store wants the money
          owed to them today. [1]
14:13  B: That's a problem. Could you send me 3,000 Kenya shillings
          so I can settle with that person? I'll pay you back
          tomorrow at 8 in the morning. [2]
14:15  A: I'm broke. I only have 500 Kenya shillings.
14:16  B: Send that. But usichome. [3]
14:40  A: I've sent it. Has the person left?
14:41  B: Left a long time ago 😂
```

Umeona nimejishika mwenyewe kwenye mstari wa kwanza? Nilipoandika "owed to them" nimeshasema kuna deni. Kudai kwa Kiswahili sanifu ni kudai haki au deni, lakini kwa Sheng "nadai" ni nataka tu, kama "nadai chai". Na "doh zake" inaweza kuwa pesa anazodai au pesa alizoahidiwa. Nimeuacha mstari huo makusudi uuone ulivyopita kimyakimya. Wewe andika "wants their money today", na namba 1 ieleze hayo mawili. Hapo "their" haidhuru, kwa kuwa nomino imetangulia palepale.

Karatasi yenyewe iwe na safu mbili. Kushoto weka ujumbe kama ulivyoandikwa, pamoja na "ntakurudishia" na "nko" zake, usisahihishe hata herufi. Kulia weka Kiingereza. Usinakili kutoka kwenye picha za skrini ulizoletewa, kwa sababu aliyepiga picha ndiye aliyechagua zianze wapi na ziishe wapi. Omba mwenye simu atoe maongezi yote kwa "Export chat". Utapata faili lenye tarehe na saa za kila ujumbe kwa mpangilio, na ujumbe uliofutwa kwa wote utaonekana umefutwa, ila ule ambao mwenye simu aliufuta kwake peke yake hautaacha alama.

Ukikwama na neno, uliza kijana wa umri wao na mtaa wao, kwa sababu Sheng ya Umoja ya miaka kumi iliyopita haitakusaidia na ujumbe wa mwaka huu. Ila muulize neno ndani ya sentensi uliyoitunga wewe. Usimtumie picha ya maongezi. Hao madereva bado hawajahukumiwa na mtu.

Wala usiende kumuuliza B alimaanisha nini. Hiyo ni kazi ya kikao, na ukishaongea naye, tafsiri yako inageuka utetezi au mashtaka. Leo hii futa "expose us", weka neno lake mwenyewe na maelezo yake, na umtumie bosi nakala mpya ukimwambia wazi kwamba nakala yoyote iliyotangulia isitumike.