Dondoo muhimu: Mbuzi wakila maharage ya jirani

Mtoto wa miaka 9, huko Muyinga au Gitega, ameacha mbuzi wakaingia shamba la jirani. Weka fimbo chini, kisha msikilize kwanza, kama Bashingantahe wanavyosikiliza pande zote kabla ya kuamua. Huenda alikuwa anacheza. Huenda kamba ilikatika. Majibu hayo mawili hayastahili adhabu moja.

Nenda naye kwa jirani. Aombe radhi kwa kinywa chake, wewe ukiwa kando. Kama mvua za kupandia bado zipo, apande upya mashimo yaliyoharibiwa kwa mbegu za nyumbani. Zikiwa zimepita, asaidie kupalilia jioni moja au mbili, baada ya shule. Usimnyime chakula, wala usimtangaze mtaani.

Kesho mrudishie mbuzi, umwonyeshe fundo la kamba na mpaka wa malisho. Akianza kuficha makosa, adhabu imemtisha tu: ipunguze, zungumza naye zaidi. Mtoto wa miaka 3 hawezi haya. Mwondoe hapo hapo, mweleze kwa maneno machache.