Karatasi ya Dawa za Mama

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Morogoro, barua yako nimeisoma mara mbili, na ile picha ya jedwali ulilochora kwa kalamu ya risasi nimeiangalia kwa makini. Umefanya kazi nzuri, ila kuna mahali pawili pamekwenda kombo, na ni palepale wengi wetu hukosea. Tulichore upya pamoja, na wengine wenye mgonjwa nyumbani wafuatilie.

Mama ana sukari na presha, na safari hii alilazwa kwa homa ya mapafu. Mkaruhusiwa na maelezo haya: amoksisilini miligramu 500, kapsuli moja kila baada ya saa nane kwa siku saba. Metformini miligramu 500, kidonge kimoja mara mbili kwa siku pamoja na chakula. Amlodipini miligramu 10, mara moja kwa siku. Parasetamoli miligramu 500, vidonge viwili akiwa na maumivu, na apishanishe angalau saa sita. Majina nayaandika kwa tahajia yetu. Wewe kwenye karatasi yako yanakili herufi kwa herufi kutoka kwenye pakiti.

Ulianza kwa kuchora safu tatu, asubuhi, mchana na usiku, halafu ukazibana dawa zote humo. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipoingia, kwa sababu amoksisilini ikaangukia saa 1 asubuhi, saa 8 mchana na saa 2 usiku. Hesabu mwenyewe: kutoka saa 2 usiku hadi saa 1 asubuhi ni saa kumi na moja bila dawa, na mchana zimekaribiana. "Kila baada ya saa nane" ni kugawa usiku na mchana mafungu matatu sawa, ili dawa isipungue mno mwilini wakati bakteria bado wapo. Kwa hiyo usichore safu yoyote kabla hujasoma sentensi zote na kuziorodhesha saa zinazotakiwa.

Anza na dawa iliyo ngumu kuliko zote, ile yenye saa zisizosogea. Umesema mama huamka alfajiri na hulala baada ya saa 4 usiku. Basi amoksisilini ikae saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Kisha dawa zinazofuata sahani: metformini huenda na chakula kwa sababu tumbo tupu huifanya isumbue, ilete kichefuchefu na kuharisha. Mama hunywa chai na kitafunwa saa 1 asubuhi na hula usiku saa 2, basi saa zake ni hizo. Amlodipini ndiyo rahisi zaidi. Haijali chakula, inataka saa ileile kila siku, kwa hiyo iunge na chai ya asubuhi usimwongezee mama safu nyingine.

Kosa la pili liko kwenye amlodipini hiyohiyo. Umeandika 1. Tazama tena picha ya pakiti uliyonitumia: kila kidonge ni miligramu 5, na daktari alisema miligramu 10. Kwenye bahasha ya dawa mfamasia ameandika 2x1, yaani viwili mara moja. Wewe uliitazama sentensi ya daktari, ukaona "mara moja", ukaandika kimoja. Mama angepata nusu ya dawa yake na mngeshangaa presha haishuki. Na wapo wanaoisoma 2x1 kinyume, wakampa kimoja asubuhi na kimoja jioni. Kabla mama hajameza, rudi kwa mfamasia umwambie akutamkie kwa maneno: vidonge vingapi, mara ngapi. Na siku mkinunua pakiti mpya, linganisheni miligramu kwanza, maana duka la pili laweza kuwapa vidonge vya 10, na hapo kisanduku kinabadilika kuwa 1.

Jedwali likikamilika litakuwa hivi:

| Dawa | Saa 12 asubuhi (06:00) | Saa 1 asubuhi, chai (07:00) | Saa 8 mchana (14:00) | Saa 2 usiku, chakula (20:00) | Saa 4 usiku (22:00) |
|---|---|---|---|---|---|
| Amoksisilini 500 | 1 | – | 1 | – | 1 |
| Metformini 500 | – | 1 | – | 1 | – |
| Amlodipini 5 | – | 2 | – | – | – |

Nambari ndani ya kisanduku ni idadi ya vidonge. Alama ya vema usiitie mapema, iwekwe mama akishameza. Kisanduku kisicho na dawa kipigie kistari, ili anayepokea zamu asijiulize kama kiliachwa kwa kusahau.

Zile saa za kwenye mabano usizione za ziada. Nyumbani kwetu, tulipomuuguza baba, niliandika "saa 2" tu. Kaka yangu akatega simu 02:00. Ikalia saa 8 za usiku, akamwamsha mzee akampa dawa, na asubuhi mimi nikampa tena kwa saa zangu. Tangu siku hiyo naandika asubuhi, mchana au usiku kila mara, na saa ya simu pembeni yake.

Parasetamoli hujaiona humo, na nimeiacha makusudi. Dawa ya "akiwa na maumivu" ukiipa kisanduku, mtu ataitoa hata mama akiwa hana maumivu. Iandike chini ya jedwali na mistari minne mitupu ya kujaza saa aliyomeza. Mistari minne kwa sababu kila baada ya saa sita ni mara nne kwa saa 24, vidonge vinane, na hapo ndipo mwisho. Mistari ikijaa hapewi tena, wala dawa ya mafua yenye parasetamoli ndani yake asipewe.

Sasa hakiki. Soma kila mstari kwa kulala uulinganishe na sentensi yake: amoksisilini tatu, metformini mbili, amlodipini mbili kwa mkupuo. Kisha hesabu kapsuli: tatu kwa siku saba ni 21. Kama kwenye bahasha zimo 15, kuna kitu hakijaeleweka, uliza leoleo. Mama alimeza ya kwanza Jumatatu saa 4 usiku, kwa hiyo ya 21 itaangukia Jumatatu ijayo saa 8 mchana. Iandike tarehe hiyo mwisho wa mstari, maana homa ikishuka siku ya tatu atataka kuziacha.

Kwa kuwa mama hasomi, kata kipande kitupu cha pakiti ya kila dawa ukibandike mwanzoni mwa mstari wake. Usitegemee "kile cheupe", kwa kuwa metformini na amlodipini mara nyingi zote ni nyeupe. Kisanduku kikipita bila alama, msifidie kwa kumpa mara mbili saa inayofuata. Na Ramadhani ikifika, usizisogeze saa hizi mwenyewe. Nenda na karatasi hii kliniki wakupangie.

Jumatatu hiyo, kapsuli ya mwisho ikishamezwa, chora jedwali jipya. Safu ya saa 12, ya saa 8 na ya saa 4 zitaondoka, zitabaki mbili tu, chai na chakula cha usiku, na wewe utalala hadi kuche.