HEWA YA KUTOSHA KATIKA UKUMBI WA MKUTANO

Watu wakijaa ukumbini na madirisha yakifungwa, baadaye hupiga miayo na kuumwa kichwa. Hewa ile imekwisha kupita katika vifua vya wengi. Akiwamo mgonjwa wa kifua kikuu ambaye hajatibiwa, wenzake huvuta vijidudu vyake.

Mtu aliyekaa hutoa kiasi cha lita 18 za hewa ukaa kwa saa. Hewa ya nje ina sehemu 420 hivi za hewa ukaa katika kila sehemu milioni. Ndani ya ukumbi, wataalamu wengi hupenda isizidi 1,000.

Tufanye hesabu. Ukumbi una urefu wa mita 20, upana mita 10 na kimo mita 4. Humo mna lita 800,000 za hewa. Watu 200 hutoa lita 3,600 za hewa ukaa kwa saa. Kama kila kitu kimefungwa, kipimo hupanda kutoka 420 hadi 1,000 kwa dakika 8 tu! Mwenyekiti hajamaliza hata kufungua mkutano.

Ili kipimo kisivuke 1,000, kila mtu anahitaji lita 9 hivi za hewa ya nje kila sekunde, yaani nusu debe. Watu 200 wanahitaji madebe 100 kila sekunde. Watu 40 wanahitaji madebe 20 tu.

Tuseme ukutani kuna feni tano za kutoa hewa nje, na kila moja hutoa madebe 20 kwa sekunde. Kuziwasha zote kwa ajili ya watu 40 ni kupoteza umeme. Kwa hiyo hutumika kipima hewa ukaa. Kipimo kikipanda, feni huongezwa, kwa mkono au kwa mtambo. Kikishuka, hupunguzwa. Lakini feni moja isizimwe maadamu watu wamo.

Feni ikitoa hewa, lazima nyingine iingie, basi acha madirisha ya upande wa pili wazi. Pangaboi la darini halisaidii hapa. Huzungusha hewa ile ile. Utaona ubaridi, lakini kipimo hakishuki.

Tundika kipima hewa kwenye kimo cha pua ya mtu aliyekaa au aliyesimama. Kisiwe karibu na dirisha, wala karibu na midomo ya watu. Mara kwa mara kitoe nje, mbali na watu na moshi, ungoje kitulie. Kikionyesha 700 badala ya 420 hivi, kimeharibika au kinahitaji kurekebishwa.

Tena kipima hicho huhesabu hewa ukaa tu. Hakioni sumu ya moshi wa mkaa wala harufu ya rangi mpya. Na watu watano wakikaa na mgonjwa anayekohoa, kitaonyesha namba ndogo, na vijidudu vimo. Hapo fungua madirisha yote bila kukitazama.